Bandama Hufa Kimya Meno Yakiota

Saa kumi na mbili asubuhi, mtaa wa Pasua, Moshi, mama anakata kidonge cheupe katikati kwa kisu cha jikoni. Nusu moja anairudisha kwenye pakiti. Nusu nyingine anaiponda katikati ya vijiko viwili, anakamulia maziwa yake kidogo, anakoroga kwa ncha ya kidole na kumnywesha mwanawe kabla hajamweka titini. Mtoto akitema, mama anaponda nusu nyingine na kuanza upya. Saa kumi na mbili jioni atarudia kazi hiyo hiyo. Kidonge ni penisilini V ya miligramu 250, nusu yake ni 125, na ameshakikata hivyo kila siku tangu mtoto alipotimiza miezi miwili.

Sasa mtoto ana miezi minane. Mnono, mcheshi, anashika kila kinachopita mbele yake. Jirani wa mlango wa pili amemuuliza mama yule zaidi ya mara moja: "Mtoto haumwi, dawa ya nini?"

Nimeuguza watoto hapa Moshi kwa miaka mingi, na naona swali la jirani huyo ni swali la haki. Kwa magonjwa mengi tuliyoyazoea, dawa hufuata dalili. Mtoto akiharisha tunampa maji ya chumvi na sukari, akikohoa tunahesabu pumzi zake. Selimundu, au siko seli kama wengi wanavyoiita, haiendi kwa mpangilio huo. Kitu cha kwanza inachokiharibu kwa mtoto mchanga hakiumi, hakionekani, na kikiisha kuharibika hakirudi. Kitu hicho ni bandama.

Mtoto mwenye selimundu huzaliwa mzima kabisa. Tumboni mwa mama, oksijeni kwenye damu yake hubebwa na hemoglobini F, ile ya kichanga, na hiyo haina ubaya wowote. Anapozaliwa bado anayo tele. Kisha mwezi baada ya mwezi F inapungua na nafasi yake inachukuliwa na hemoglobini S aliyorithi kwa baba na kwa mama. Chembe nyekundu iliyojaa S ikikosa oksijeni hujikunja ikawa kama mundu, ngumu, yenye kunata. Kufikia miezi minne, mitano, sita, chembe hizo zimeshakuwa nyingi za kutosha kuziba njia, na njia ya kwanza kuzibwa ni ile iliyo nyembamba na yenye mwendo wa polepole kuliko zote mwilini.

Bandama limekaa chini ya mbavu za kushoto na kazi yake kubwa ni kuchuja damu. Ndani yake damu hupita taratibu kwenye nyufa ndogo mno, mahali penye oksijeni haba, na kila chembe nyekundu sharti ijibane ili ipenye. Chembe laini hupenya. Chembe yenye umbo la mundu hukwama, na nyuma yake hukwama nyingine, hadi sehemu ile ya bandama inakosa damu na kufa. Kesho inakufa sehemu nyingine. Hakuna kilio, hakuna homa, mama haoni kitu. Utafiti uliofanyika Marekani kwa watoto wachanga wenye aina kali ya ugonjwa huu ulikuta kwamba kufikia mwaka mmoja wa umri, watoto 86 kati ya 100 walikuwa wameshapoteza uwezo wa bandama, kwa kiasi au wote. Huo ndio muda ambao mtoto anaota meno, anajifunza kukaa, anatambaa.

Ubaya wake ni huu. Kuna bakteria wanaovaa gamba la sukari lenye utelezi, na mkubwa wao ni nimokokasi, yule yule anayeleta nimonia na homa ya uti wa mgongo. Kwa sababu ya gamba hilo, ini na chembe nyeupe haziwakamati kwa urahisi. Bandama huwakamata. Mtoto wa chini ya miaka miwili naye bado hajui kutengeneza kinga nzuri dhidi ya sukari ya gamba lile, kwa hiyo bandama lake ndilo ngome yake halisi. Likiisha kufa, bakteria wachache walioingia kwenye damu kutoka puani wanazaliana bila wa kuwazuia. Wanaongezeka maradufu kwa muda usiofika saa moja. Mtoto aliyekuwa anacheza asubuhi anaweza kufa kabla ya asubuhi inayofuata.

Mama huyu wa Pasua anajua, kwa sababu huyu anayemlea sasa ni mtoto wake wa pili.

Wa kwanza alizaliwa na uzito mzuri, chanjo zake zote zimejazwa kwenye kadi. Akiwa na miezi saba vikono vyake vilivimba, migongo ya viganja vyote viwili, kisha na miguu, akawa analia akiguswa. Wakaenda mahali pa kutibiwa, wakaambiwa huenda ameumwa na wadudu, wakapewa dawa ya maumivu. Baada ya wiki uvimbe ukaisha. Kwa aliyewahi kuona, kuvimba viganja na nyayo pande zote kwa mtoto wa umri huo ni selimundu mpaka kipimo kikatae. Ni mifupa midogo ya vidole inayokosa damu. Lakini hata kama angetambuliwa siku ile, kwa bandama lake pengine ilikuwa jioni tayari. Dalili ya kwanza inayoonekana huja nyuma ya hasara ya kwanza.

Miezi miwili baadaye, Ijumaa, mwezi wa saba, baridi ile ya Moshi inayowafanya watu kufunika watoto mablanketi mawili, mtoto aliamka usingizi wa mchana akiwa na joto. Ilikuwa saa kumi jioni. Bibi yake akamfungua mdomo, akaona ncha mbili nyeupe kwenye fizi ya chini. "Ni homa ya meno hii, mwanangu, usihangaike." Wakampa dawa ya maji ya kushusha homa, homa ikashuka kweli, mtoto akacheza na kula uji. Alfajiri homa ikarudi. Saa mbili asubuhi wakawa mbele ya mhudumu, kipimo cha haraka cha malaria kikasema hana, mkojo ukapimwa kwa kijiti, wakaambiwa ni UTI, wakapewa chupa ya dawa. Hakuna aliyehesabu pumzi. Hakuna aliyeuliza habari za vikono. Saa sita mchana miguu ikawa ya baridi na titi akalikataa. Saa nane degedege. Walipofika wodini kwetu saa kumi, ilikuwa saa ya 24 tangu joto la kwanza. Tulimchoma seftriaksoni, dawa ya kuua bakteria, tukampa maji na damu. Alifariki saa moja ya usiku. Baada ya siku mbili maabara iliyootesha damu yake ikatuletea jibu: nimokokasi. Sampuli nyingine ikaonyesha SS, yaani selimundu.

Simlaumu bibi. Meno yalikuwepo, aliyaona kwa macho yake. Mtoto wa miezi sita hadi kumi na miwili huwa anaota meno karibu muda wote, kwa hiyo kila homa ya umri huo itakuta jino la kusingiziwa. Wala kushuka kwa homa kwa dawa si dalili ya usalama. Dawa ya homa hushusha joto, bakteria inawaacha kama ilivyowakuta. Na kipimo cha malaria kilichosema "hana" kilikuwa kinasema ukweli, ila kwa mtoto asiye na bandama hata kingesema "anayo" kisingetosha, maana malaria na bakteria huweza kuwa kwenye damu moja, siku moja.

Turudi kwa nusu kidonge. Mwaka 1986 madaktari wa Marekani, wakiongozwa na Dk. Marilyn Gaston, walichapisha jaribio la watoto 215 wenye selimundu, wenye umri kati ya miezi mitatu na miaka mitatu. Watoto 105 walipewa penisilini miligramu 125 mara mbili kwa siku, 110 wakapewa kidonge kisicho na dawa. Katika kundi la penisilini, wawili walipata maambukizi makali ya nimokokasi na hakuna aliyekufa kwa hayo. Katika kundi la pili walipata 13, watatu wakafa. Jaribio lilisimamishwa miezi minane kabla ya wakati wake kwa sababu haikuwa haki kuendelea kuwanyima wale wengine. Tangu hapo utaratibu haujabadilika sana: penisilini V ianze mtoto akiwa na miezi miwili, isivuke mitatu, miligramu 125 asubuhi na jioni hadi miaka mitatu, kisha 250 asubuhi na jioni hadi miaka mitano.

Mara mbili kwa siku si mapambo. Penisilini ya kunywa hukaa kwenye damu saa chache tu kisha hutoka na mkojo. Dozi ya jioni ikisahauliwa, usiku ule mtoto analala bila ulinzi. Ndiyo maana namsisitizia kila mama asiiweke dawa kwenye kikombe kizima cha uji, kwani mtoto akibakiza nusu kikombe, dozi nayo imebaki humo. Ya maji haidumu ikishachanganywa na hutaka jokofu, na nyumba nyingi za Pasua na Njoro hazina jokofu, kwa hiyo kidonge cha kukata ndicho kinachofaa maisha yetu. Mtoto mwenye mzio wa penisilini hupewa erithromaisini.

Ngao ya pili ni chanjo. Ile ya nimokokasi, PCV13, imo kwenye ratiba ya watoto wote Tanzania tangu 2013, na kinga dhidi ya Hib, bakteria mwingine mwenye gamba, imo ndani ya pentavalenti tangu 2009. Ujanja wa chanjo hizi ni kuifunga ile sukari ya gamba kwenye protini, ili mwili wa mtoto mchanga ambao haujui kusoma sukari uweze kuisoma. Lakini namba 13 inasema wazi mpaka wake. Aina za nimokokasi zinazojulikana zinazidi 90, chanjo inafundisha 13 zinazosumbua zaidi. Ipo nyingine ya aina 23 ya kuongezea baada ya miaka miwili, ila haiko kwenye ratiba ya kawaida, na kwa mtoto wa miezi tisa haisaidii kitu.

Basi ngao zote mbili zina matundu, na ni lazima mzazi ajue matundu yako wapi. Watafiti wa Kilifi, jirani zetu wa Kenya, walichunguza kwa miaka kadhaa damu za watoto waliolazwa, na mwaka 2009 wakachapisha walichokuta kwa wenye selimundu: nimokokasi ndiye aliyeongoza, karibu mbili ya tano ya maambukizi yote. Anayemfuata alikuwa salmonela, karibu moja ya tano, kisha Hib. Salmonela haizuiwi na nusu kidonge cha asubuhi, wala haimo kwenye PCV13. Kwa hiyo mtoto aliyechanjwa vizuri, anayekunywa penisilini bila kukosa, akipata homa bado ni mgonjwa wa dharura. Nimewasikia hata wahudumu wakimwambia mama, "Huyu yuko kwenye penisilini, subiri kesho." Kauli hiyo inaua.

Yote haya yanasimama juu ya sharti moja: ujue kabla ya miezi mitatu. Na hapa ndipo ninapogombana na mazoea ya huku kwetu. Utasikia ikisemwa Moshi na Arusha kwamba siko seli ni ugonjwa wa watu wa Ziwa na wa Pwani. Kuna chembe ya ukweli. Hemoglobini S ilienea mahali penye malaria, kwa sababu aliyerithi S moja tu na A, hemoglobini ya kawaida, yaani AS, hulindwa dhidi ya malaria kali, na miteremko ya juu ya Kilimanjaro haikuwa na mbu wa kutosha kuieneza. Lakini mji si mteremko. Baba wa mtoto niliyemsimulia alitoka Ukerewe, mama alitoka Muheza, wote AS, wote hawajawahi kuumwa, wakakutana Moshi. Kila mimba yao ina nafasi moja katika nne ya kuzaa SS. Kuangalia jina la ukoo kwenye kadi ili kuamua nani apimwe ni kubahatisha na uhai wa mtu.

Wapo wanaosema kupima kila mtoto anayezaliwa ni gharama, na hoja hiyo naikubali nusu. Panapokuwa na wagonjwa wachache, kuchoma kisigino cha kila kichanga ili apimwe damu ni gharama kubwa kwa kila mgonjwa anayepatikana. Lakini ipo njia ya katikati nami naiunga mkono: tumpime mama kwenye kliniki ya wajawazito, siku ile ile anapotolewa damu ya vipimo vingine. Vipo vipimo vidogo vya kijiti vinavyotumia tone la damu na kutoa jibu ndani ya dakika kumi, vinavyotofautisha A na S. Mama akiwa AA, mwanawe hawezi kuwa SS, limekwisha. Akiwa AS, kitu kile kiandikwe kwenye kadi yake kwa herufi zinazosomeka, ili mtoto apimwe anapozaliwa au, akikosa, anapoletwa chanjo ya wiki ya sita. Nasema kiandikwe kwenye kadi kwa sababu mama wengi wa hapa huenda kujifungulia kwa mama zao, Same, Tanga, Mwanza, na jibu lililobaki kwenye daftari la zahanati halisafiri naye.

Na kipimo kiwe kipimo. Kile cha zamani cha kuchanganya damu na kemikali na kutazama chembe zikijikunja chini ya hadubini hakifai kabisa kwa kichanga. Hemoglobini F bado ni nyingi, chembe hazijikunji, jibu linatoka "hana", na mama anarudi nyumbani na uongo ulioandikwa kwa wino. Tena hakitofautishi AS na SS. Kinachotakiwa kwa kichanga ni tone la kisigino kwenye karatasi maalumu, likaushwe, lipelekwe maabara inayotenganisha hemoglobini, au kile kijiti. Jibu la maabara likisoma FA, ni mzima. Likisoma FAS, ana A na S, atakuwa mbebaji. Likisoma FS, hakuna A, na saa ya bandama imeshaanza kuhesabu. Mtoto huyo asisubiri rufaa wala tarehe ya kliniki kubwa. Penisilini ianzie zahanati ya jirani akifika miezi miwili, na kipimo cha kuhakikisha kifuate baadaye.

Mtoto wa pili wa mama yule alipimwa kisigino siku ya pili. FS. Familia hiyo ilijua kwa sababu ilishalipa mtoto mmoja ili ijue.

Mwezi uliopita, usiku wa saa tatu, alimshika shingo akamwona wa moto. Ana kipimajoto alichonunua duka la dawa, akamweka kwapani: 38.2. Miongozo mingine mstari wake ni 38.5, sisi tumewafundisha wazazi wetu 38, na asiye na kipimajoto aamini mkono wake. Hakungoja ishuke. Alimpa dawa ya homa akiwa ameshamfunga mgongoni, na kabla hajatoka akamlaza kidogo na kupapasa chini ya mbavu za kushoto kama tulivyomwonyesha, maana bandama, kabla halijasinyaa kabisa, huweza kufumba na kufumbua likameza damu nyingi na kuvimba hadi mtoto akapauka. Alikuta limefika pale linapofikaga siku zote. Bodaboda ikawafikisha saa tatu na nusu. Mlangoni hakueleza habari ndefu, alitoa kadi yenye neno SELIMUNDU tuliloliandika kwa kalamu nyekundu juu ya jalada, akapitishwa mbele ya foleni.

Mtoto alikuwa na kilo 8. Tulichukua damu ya kuotesha, ya kuhesabu chembe na ya malaria, na hatukungoja jibu hata moja. Mshipa ulitusumbua, kwa hiyo seftriaksoni miligramu 600 ikaingia kwenye paja, saa nne kasoro dakika tano. Tangu kushikwa shingo, haikufika saa moja. Wingi wa damu ukaja 8.1, na kawaida yake ni 8.4, tukapumua. Malaria hana. Pumzi 38 kwa dakika, koo jekundu, makamasi. Kesho yake usiku akachomwa dozi ya pili. Siku ya pili maabara ikasema hakuna kilichoota.

Bibi, yule yule, alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda. "Sasa sista, ilikuwa homa ya nini?" Nikamwambia pengine ni mafua tu, na kwamba homa nyingi za watoto hawa mwisho wake huwa mafua, ila ile isiyo mafua inaingia mlangoni ikiwa na sura ile ile. Akatikisa kichwa, akanyamaza kidogo, kisha akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa inakaribia saa kumi na mbili jioni. Akamwambia binti yake atoe kisu.